Watu 40, 130 au 20? Kuchagua mpangilio wa jaribio la usawa wa dawa kabla ya kuhesabu sampuli

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wanaoandaa jaribio la usawa ni hili: "Tunahitaji watu wangapi?" Nami huwarudishia swali: watu hao watapewa dawa kwa mpangilio gani? Dawa moja, mipaka ileile ya usawa na nguvu ileile ya jaribio, yaani nafasi ya kufaulu ikiwa dawa kweli ni sawa, vinaweza kudai watu 40, watu 130 au watu 20. Hapa nitaiweka mipangilio mitatu bega kwa bega, nikitumia mfano wa dawa jenereki inayolinganishwa na dawa rejea, maana hapo ndipo hesabu hizi zinapofanyika kila siku na mipaka yake inajulikana.

Kwanza tukubaliane tunachothibitisha. Katika jaribio la kawaida mtu hutafuta tofauti. Katika jaribio la usawa anataka kuonyesha kwamba tofauti, hata ikiwepo, haivuki mpaka uliowekwa kabla ya damu ya mtu wa kwanza kuchukuliwa. Kwa dawa nyingi zinazomezwa, mpaka huo ni asilimia 80.00 hadi 125.00 ya uwiano kati ya jenereki na rejea, kwa jumla ya dawa iliyoingia kwenye damu (AUC) na kwa kilele chake (Cmax). Mipaka hiyo inaonekana imepinda upande mmoja, lakini hesabu hufanywa kwa logi, na 1 gawa kwa 0.80 ni 1.25. Kwenye logi ni 0.2231 chini na 0.2231 juu, sawasawa kabisa.

Vipimo viwili vya upande mmoja, utaratibu ambao Schuirmann aliueleza mwaka 1987, ni kama milango miwili. Mlango wa kwanza unauliza: je, tunaweza kukataa dhana kwamba jenereki iko chini ya asilimia 80? Wa pili unauliza: je, tunaweza kukataa kwamba iko juu ya 125? Kila mlango una hatari ya kosa ya asilimia 5, na lazima upite yote miwili. Kwa kuwa yote miwili ni ya lazima, hatari hiyo haigawanywi nusu kwa nusu. Matokeo yake ni sawa na kuchora wigo wa uhakika wa asilimia 90 na kuangalia kama wote umelala ndani ya mipaka. Anayepanga hesabu yake kwa wigo wa asilimia 95 amejiongezea watu ambao hakuna aliyemdai.

Mtafiti mmoja kijana aliwahi kuniletea matokeo ya watu 12. Uwiano ulikuwa 96, kipimo cha tofauti hakikuonyesha chochote, na ripoti ikasema dawa mbili "hazina tofauti, hivyo ni sawa". Tukakaa na kuchora wigo. Mtawanyiko ukiwa asilimia 30, watu 12 wanatoa wigo wa asilimia 77.3 hadi 119.3. Mlango wa juu amepita, wa chini amegonga mwamba. Uwiano uleule wa 96 kwa watu 40 ungetoa wigo wa 85.9 hadi 107.2, na kazi ingekwisha. Dawa yake pengine haikuwa na kasoro yoyote. Kilichokosekana ni watu.

Mipangilio mitatu

Wa kwanza ni wa kubadilishana wenye awamu mbili. Nusu ya washiriki wanaanza na jenereki, nusu na rejea, kisha baada ya kipindi cha kusafisha mwili wanabadilishana. Kila mtu anajilinganisha na nafsi yake.

Wa pili ni wa makundi sambamba. Kundi moja linameza jenereki, jingine rejea, kila mtu mara moja tu, na baada ya hapo anaaga.

Wa tatu ni wa kubadilishana wenye awamu nne, ambapo kila mshiriki anameza kila dawa mara mbili.

Tuseme tuna dawa ambayo mtawanyiko wa ndani ya mtu mmoja, unaofupishwa CV, ni asilimia 30. Yaani umpe Juma kidonge kilekile leo na wiki ijayo, kiasi kinachofika kwenye damu kitayumba kwa kiwango hicho. Mtawanyiko wa jumla, unaojumlisha pia tofauti kati ya Juma na Asha na Mwajuma, tuseme ni asilimia 40. Tunataka nguvu ya asilimia 80, na tunakisia uwiano wa kweli ni 0.95. Katika R, kifurushi cha PowerTOST kinahesabu hivi:

```r
library(PowerTOST)
sampleN.TOST(CV = 0.30, theta0 = 0.95, design = "2x2")
sampleN.TOST(CV = 0.40, theta0 = 0.95, design = "parallel")
sampleN.TOST(CV = 0.30, theta0 = 0.95, design = "2x2x4")
```

Mipaka ya 0.80 hadi 1.25, nguvu ya 0.80 na hatari ya 0.05 ndivyo kifurushi hiki kinavyoanza usipoandika vingine. Majibu ni ya jumla ya washiriki wote, si ya kila kundi:

| | Kubadilishana, awamu 2 | Makundi sambamba | Kubadilishana, awamu 4 |
|---|---|---|---|
| CV inayoingia kwenye hesabu | 0.30 (ndani ya mtu) | 0.40 (ya jumla) | 0.30 (ndani ya mtu) |
| Washiriki wa kuchambuliwa | 40 | 130 | 20 |
| Seti za damu | 80 | 130 | 80 |

Mstari wa mwisho ndio ninaotaka uutazame vizuri. Watu wengi wanaona 40 dhidi ya 130 na kudhani gharama imezidi mara tatu. Lakini kwenye mpangilio wa kubadilishana kila mtu anatoa seti mbili za damu, na maabara inalipwa kwa sampuli, hailipwi kwa vichwa. Kwa hiyo mzigo wa maabara ni 80 dhidi ya 130. Na mpangilio wa awamu nne unaosifiwa kwa kupunguza watu haupunguzi sampuli hata moja: watu 20 mara nne ni 80 vilevile. Umepunguza vitanda, usaili na bima, ila umemwongezea kila mshiriki mzigo mara mbili.

Tofauti inatoka wapi

Mpangilio wa kubadilishana unazifuta tofauti kati ya watu. Kama Asha mwili wake unafyonza dawa vizuri kuliko wengine wote, anafyonza vizuri jenereki na rejea pia, na unapotoa moja kwa nyingine upekee wake unaondoka. Kwenye makundi sambamba upekee wa Asha unabaki kwenye kundi alilopangiwa.

Kwa namba, mtawanyiko wa asilimia 30 kwenye logi ni 0.086, na wa asilimia 40 ni 0.148. Huu wa pili ni mara 1.72 ya ule wa kwanza. Hapo ongeza kwamba kwenye makundi sambamba kila mtu anatoa kipimo kimoja tu badala ya viwili, jambo linalozidisha tena mara mbili. Jumla ni kama mara 3.4, na marekebisho ya sampuli ndogo yakiipunguza kidogo unapata safari ya kutoka 40 hadi 130.

Hapo kuna funzo ambalo vitabu vingi havilitamki. Kama karibu mtawanyiko wote unatoka ndani ya mtu mwenyewe, dawa ikiwa inayumba leo hivi na kesho vile hata kwa mtu mmoja, basi mpangilio wa kubadilishana haukuokoi sana. Utapunguza watu kwa nusu, lakini seti za damu zitakaribia kulingana. Kinyume chake, dawa ambayo ni tulivu ndani ya kila mtu ila inatofautiana sana baina ya watu ndiyo inayokufanya uung'ang'anie mpangilio huo kwa mikono miwili.

Na hapa ndipo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine linapozaliwa. Mtu anachukua CV iliyochapishwa kutoka jaribio la kubadilishana, yaani ile ya ndani ya mtu, na kuiingiza kwenye hesabu ya makundi sambamba. Kwa mfano wetu kompyuta itamjibu 76, naye atafurahi. Lakini mtawanyiko wa kweli kwenye makundi sambamba ni asilimia 40, na watu 76 wanampa nguvu iliyozidi nusu kidogo tu. Amerusha shilingi hewani akidhani amepanga jaribio. Ukipokea itifaki ya kukagua, tafuta kwanza CV ilitoka kwenye jaribio la mpangilio gani. Kama haijasemwa, irudishe.

Kukisia uwiano: 1.00 au 0.95?

Mpangilio si chaguo pekee. Kuna namba moja inayoonekana ya upole ambayo ina meno: uwiano unaokisia kuwa wa kweli. Ukiandika 1.00, kwa maana kwamba jenereki yako ni pacha kamili wa rejea, mpangilio wa awamu mbili unadai watu 32. Ukiandika 0.95 unadai 40. Ukiandika 0.90 unadai 80.

Ngazi hizo hazipandi sawa. Sababu ni kwamba kinachohesabika ni umbali uliobaki kati ya unaposimama na ukingo. Kutoka 0.95 hadi ukingo wa 0.80 kwenye logi kuna 0.172, kutoka 0.90 kuna 0.118 tu. Umbali huo huingia kwenye hesabu ukiwa umezidishwa kwa wenyewe, ndiyo maana hatua ndogo kuelekea ukingoni inakula watu wengi.

Mwenye kiwanda atapenda 1.00, kwa kuwa anaiamini dawa yake na 32 ni nafuu kuliko 40. Mimi simkubalii. Hata vidonge viwili vya dawa rejea kutoka matoleo tofauti havina kiasi kilekile hasa cha kiambato, na tofauti ya asilimia chache inaingia kabla hata dawa haijafika tumboni. Ukipanga 32 na kweli ikawa 0.90, nguvu yako inashuka chini ya nusu. Ukipanga 40 na kweli ikawa 0.90, una asilimia 54 hivi, ambayo si nzuri lakini angalau haikukuvua nguo. Kwa hiyo 0.95 ndiyo namba yangu ya kuanzia. Mwenye bajeti apande hadi nguvu ya asilimia 90, ambayo kwa mfano wetu ni watu 52. Watu 12 zaidi kwa kupunguza nusu ya hatari ya kushindwa ni bei ninayoiona ya haki.

CV nayo ni ya kushukiwa ikitoka kwenye jaribio dogo la majaribio. Tuseme asilimia 30 yako umeipata kwa watu 12. Kikomo cha juu cha upande mmoja, kwa uhakika wa asilimia 80, kinafika karibu asilimia 39. Ukipanga kwa hicho unahitaji watu 62. Ukibaki na 40 na CV ya kweli ikawa 39, nguvu yako ni takriban asilimia 60. Simwambii kila mtu apande hadi 62, ila namtaka aijue namba hiyo kabla hajatia saini.

Nusu-maisha ndiyo inayoamua

Sasa kuchagua. Kwa dawa inayotoka mwilini haraka, mjadala ni mfupi: tumia mpangilio wa kubadilishana wenye awamu mbili. Kipindi cha kusafisha mwili kinatakiwa kiwe walau nusu-maisha tano. Dawa yenye nusu-maisha ya saa 12 imeshaondoka baada ya siku mbili na nusu. Wiki moja kati ya awamu inatosha na kuzidi.

Upande wa pili wa mizani weka bedakwilini, dawa ya kifua kikuu sugu. Nusu-maisha yake ya mwisho ni kama miezi mitano na nusu. Mara tano ni zaidi ya miezi 27. Hakuna mshiriki utakayemrudisha baada ya miaka miwili na kitu awe na uzito uleule, afya ileile na namba ileile ya simu. Hapo makundi sambamba si chaguo la pili, ndiyo njia. Lipa watu 130, au idadi yoyote itakayodaiwa na mtawanyiko wa jumla wa dawa hiyo.

Katikati ndiko kwenye utamu. Chukua lumefantrini, ile nusu ya pili ya ALU, dawa ya mseto ya malaria inayojulikana kila zahanati Tanzania. Nusu-maisha yake ni siku tatu hadi sita, kwa hiyo ukichukua upande wa tahadhari, kusafisha mwili kunadai siku 30. Namba za CV nitabaki na zile za mfano wetu, si za lumefantrini yenyewe. Katika mwezi huo mzima watu watapata kazi, watasafiri kwenda msibani, wengine wataugua malaria yenyewe na kumeza dawa uliyokuwa unaisafisha. Tuseme asilimia 15 wanapotea. Watu unaopaswa kuwaandikisha ni 40 gawa kwa 0.85, yaani 47 na kidogo, na kwa kuwa pande mbili za mfuatano zinatakiwa zilingane unaandikisha 48. Angalia: ni kugawa, si kuzidisha. Anayezidisha 40 kwa 1.15 anapata 46, na wakishapotea asilimia 15 anabaki na 39. Aliyepotea kati ya awamu mbili anakuacha na nusu ya ulinganisho, ambayo haina kazi.

Makundi sambamba hayana mwezi wa kusubiri. Tuseme wanaopotea ni asilimia 5: 130 gawa kwa 0.95 ni 136.8, andikisha 138. Kwa sampuli 18 za damu kwa kila awamu, mpangilio wa kubadilishana unapeleka maabara sampuli 1,728 zikija zote, na makundi sambamba 2,484. Bado awamu mbili zinashinda kwa gharama, lakini zinachukua mwezi zaidi. Kwa lumefantrini mimi ningebaki na awamu mbili na kupima AUC hadi saa 72 tu, jambo ambalo linakubalika kwa dawa za kumeza zinazoachia haraka na kukaa mwilini muda mrefu. Ningehamia makundi sambamba pale tu upotevu unapotarajiwa kuvuka robo ya washiriki. Ukiwa asilimia 25, 40 inakuwa 54, na zaidi ya hapo naanza kuwa na wasiwasi kwamba wanaobaki si sura ya walioanza.

Awamu nne kwa dawa kama hii sishauri. Ni vipindi vitatu vya kusafisha mwili vya siku 30, miezi mitatu mizima, na damu nayo ina hesabu yake. Sampuli 18 za mililita 5 ni mililita 90 kwa awamu, na kwa awamu nne ni 360, kabla ya damu ya usaili. Hapo umekaribia chupa ya mchangia damu ya mililita 450, na kamati ya maadili itauliza. Awamu nne zina mahali pake: dawa inayotoka haraka lakini inayumba sana ndani ya mtu mmoja. CV ikiwa asilimia 50, awamu mbili zinadai watu 98 na awamu nne 50. Kuna faida nyingine pia: kwa kuwa kila mtu amemeza rejea mara mbili, unaweza kupima mtawanyiko wa rejea yenyewe. Ulaya hilo linakuruhusu kupanua mpaka wa Cmax, mwisho kabisa hadi asilimia 69.84 kwa 143.19, mradi liwe limeandikwa kwenye itifaki tangu mwanzo.

Neno "tangu mwanzo" linahusu mipaka yote. Mwongozo wa E9 wa ICH, baraza la kimataifa linalooanisha masharti ya dawa, wa mwaka 1998 unataka mpaka wa usawa utajwe na kutetewa ndani ya itifaki. Si suala la karatasi tu, kwani mpaka ndio unaobeba sampuli. Kwa dawa zenye nafasi finyu kati ya kutibu na kudhuru, kama takrolimasi wanayomeza waliopandikizwa figo, Ulaya wanadai 90.00 hadi 111.11 kwa AUC. Chukua mfano wetu uleule wa CV 30 na uwiano 0.95, badilisha mpaka tu: 40 inaruka na kupita 360. Ndiyo maana anayefika kwangu na sampuli bila mpaka namrudisha. Na anayefika na mpaka uliochaguliwa ili sampuli itoshe bajeti namuuliza kama daktari wa wagonjwa hao ameuona.

Mwisho wa chini upo pia. ICH M13A ya mwaka 2024 haitaki pungufu ya watu 12 wa kuchambuliwa kwenye mpangilio wa kubadilishana, wala pungufu ya 12 kwa kila kundi kwenye makundi sambamba, hata hesabu yako ikisema 8.